Dawa ya pili iliyobaki kwenye chati

Mama mmoja alikuwa wodini kwetu wiki ya saba. Asubuhi ile alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, khanga imefungwa kifuani, anaomba maji kwa mara ya tatu tangu mlango wa wodi ufunguliwe. Nilikuwa nimekuja na karatasi ya ukaguzi, si kumtibu, kwa hiyo nilifungua faili lake kama mtu anayehesabu. Kwenye chati ya dawa nilikuta dawa nne za saikosisi zinazoendelea. Nyuma kabisa ya faili, imebanwa pamoja na risiti, kulikuwa na karatasi ya maabara ya siku tisa zilizopita: sukari 12.4. Hakuna aliyeandika neno juu yake.

Nimefanya kazi kwenye wodi ya magonjwa ya akili hapa Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na naandika haya kwa wenzangu, madaktari, wauguzi na wafamasia, ambao wameambiwa wafanye ukaguzi wa matibabu wodini kwao na hawajui waanzie wapi. Nitaeleza tulivyokagua mambo mawili yanayokwenda pamoja: wagonjwa wanaopewa dawa zaidi ya moja za saikosisi, na upimaji wa uzito, kiuno, presha, sukari na mafuta ya damu kwa wote wanaotumia dawa hizi. Tulizunguka mara tatu, na mzunguko wa pili ulitudanganya. Nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha mama huyu na wengine.

Kwanza viwango, maana bila viwango unahesabu tu. Mwongozo wa NICE wa Uingereza wa mwaka 2014 unasema usianzishe dawa mbili za saikosisi za kila siku kwa pamoja isipokuwa kwa muda mfupi, kwa mfano unapomhamisha mgonjwa kutoka dawa moja kwenda nyingine. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mhGAP, nalo linataka dawa moja kwa wakati mmoja. Sisi tuliandika kiwango chetu hivi: kila mgonjwa awe na dawa moja ya saikosisi ya kila siku, au kama ana mbili, chati ioneshe sababu na tarehe ya mwisho ya ile ya pili. Lengo ni asilimia 100.

Ile "au" ni muhimu sana. Mtu ukiandika kwamba hakuna mgonjwa atakayekuwa na dawa mbili, utamhukumu vibaya daktari anayehamisha dawa kwa utaratibu mzuri, au anayemwanzishia mgonjwa sindano ya mwezi na kumfunika kwa vidonge mpaka sindano ishike, jambo linaloweza kuchukua miezi miwili mpaka mitatu. Utamhukumu pia anayemwongezea dawa mgonjwa ambaye klozapini peke yake haikumtosha. Hao wana sababu. Tulichotaka kukamata ni dawa isiyo na mwenyewe.

Kwa upande wa vipimo, msingi wetu ulikuwa makubaliano ya mwaka 2004 ya chama cha kisukari na chama cha madaktari wa akili cha Marekani, ambayo yanataka mgonjwa apimwe mwanzoni uzito, kiuno, presha, sukari kabla ya kula na mafuta ya damu, kisha arudiwe kwa ratiba. NICE wanataka uzito kila wiki kwa wiki sita za kwanza. Kwa kuwa wagonjwa wetu wapo kitandani na mzani upo, tulichukua hiyo ya kila wiki. Vipimo vyote vitano viwe vimekamilika ndani ya siku saba tangu kulazwa. Halafu tukaongeza kiwango cha mwisho ambacho nakuomba usikiache: kila kipimo kisicho sawa kiwe na hatua iliyoandikwa kwenye faili ndani ya saa 72. Karatasi ya yule mama ndiyo iliyotufundisha. Kama tungehesabu tu "sukari imepimwa", angeingia kwenye safu ya waliofuzu.

Siku ya kuhesabu tulikuwa na wagonjwa 34, na 30 kati yao walikuwa kwenye dawa za saikosisi. Tulichukua namba za faili, si majina, na mkuu wa idara alikuwa ametupa ruhusa kwa maandishi. Tulikuwa wawili, mimi na mfamasia, kila mmoja akijaza karatasi yake bila kuangalia ya mwenzake, kisha tukalinganisha. Kwa faili sita tulitofautiana, na zote sita tatizo lilikuwa moja: dawa za "akihitaji", zile zinazoandikwa PRN. Mimi sikuzihesabu, mfamasia alizihesabu. Tukaamua kuandika hesabu mbili kila mara, ya dawa za kila siku peke yake, na ya kila siku pamoja na za akihitaji zilizotolewa kweli ndani ya siku saba zilizopita. Wakati ule niliona ni usumbufu. Baadaye ndiyo hesabu iliyotuokoa.

Matokeo ya mzunguko wa kwanza: wagonjwa 13 kati ya 30 walikuwa na dawa mbili au zaidi za kila siku. Ukiongeza za akihitaji, 17. Waliokuwa na sababu iliyoandikwa popote kwenye faili walikuwa watatu.

Hapo wengi huandika ripoti na kupendekeza semina. Sisi tulikaa na yale mafaili 13 mchana mzima na kuuliza swali moja kwa kila dawa ya pili: iliingia lini, na siku ile daktari alitaka nini? Majibu yalikuwa machache kuliko nilivyotarajia. Sita walikuwa wagonjwa waliokuwa wanahamishwa dawa, uhamisho ukaishia njiani. Wanne walikuwa na sindano ya mwezi pamoja na vidonge vya kufunikia ambavyo havikuwa na tarehe ya kuisha. Watatu walikuwa wanapewa klopromazini usiku ili walale. Hakuna hata mmoja ambaye daktari aliketi akaamua kwamba mtu huyu anahitaji dawa mbili kwa kudumu. Dawa zilijikusanya zenyewe.

Nirudi kwa yule mama, kwa sababu ndani ya faili lake mambo yote matatu yalikuwepo.

Alikuwa mgonjwa wa zamani wa skizofrenia, anachomwa flufenazini 25 mg kila wiki nne. Aliletwa na ndugu zake akiwa hajalala siku nyingi, anaongea na watu wasioonekana, amewafukuza wapangaji wenzake. Siku ya kulazwa akachomwa sindano yake na kuandikiwa haloperidoli 5 mg mara mbili kwa siku. Siku ya tatu usiku alipiga kelele, daktari wa zamu akaongeza klopromazini 200 mg usiku. Wiki ya tatu, alipokuwa bado anasikia sauti, kwenye raundi ikaamuliwa aanze olanzapini 10 mg na haloperidoli ipunguzwe taratibu. Uamuzi huo umeandikwa vizuri kabisa kwenye faili. Lakini siku nne baadaye chati ya dawa ilijaa. Aliyekuwa zamu alichukua chati mpya akanakili mistari yote kama ilivyo, na haloperidoli ikahamia kwenye chati mpya na dozi yake kamili. Tangu hapo kila muuguzi aliyefungua chati aliona maagizo halali yenye sahihi ya daktari, akatoa dawa. Hakuna aliyekosea kwenye zamu yake. Kunakili chati ndiko kulikozaa dawa ya pili.

Tulipiga hesabu ya mzigo wake. Njia ni rahisi: unachukua dozi ya kila dawa, unaigawa kwa kiwango cha juu kinachoruhusiwa, unapata asilimia, kisha unajumlisha. Kwa viwango vya kitabu cha dawa cha Uingereza, haloperidoli ya mdomo mwisho ni 20 mg kwa siku, hivyo 10 mg ni asilimia 50. Klopromazini mwisho ni 1,000 mg, hivyo 200 mg ni 20. Olanzapini mwisho ni 20 mg, hivyo 10 mg ni 50. Flufenazini mwisho ni 100 mg kila siku 14, naye alikuwa anapata sawa na 12.5 mg kwa siku 14, yaani 12.5. Jumla ni asilimia 132.5. Ukizitazama dawa zake moja moja, hakuna iliyozidi hata nusu ya kiwango chake. Ndiyo maana haikumshtua mtu. Zaidi ya 100 inahesabiwa dozi ya juu, na mtu wa namna hiyo anatakiwa apimwe umeme wa moyo, hasa akiwa na haloperidoli na klopromazini kwa pamoja. Yeye hakuwa amepimwa. Kwenye wodi nzima walikuwa wanne waliovuka 100, na wote wanne walifika huko kwa kuchanganya, si kwa dozi kubwa ya dawa moja.

Juu ya hizo alikuwa anakunywa benzheksoli mara mbili kwa siku kwa sababu mikono ilikuwa inakakamaa na kutetemeka. Kukakamaa kulitokana na haloperidoli. Benzheksoli ikamkausha mdomo na kufunga choo, akaongezewa dawa ya kulainisha choo. Dawa moja iliyosahaulika ilikuwa imezaa mbili.

Uzito wake siku ya kulazwa ulikuwa kilo 61. Uliandikwa tena 63.5, kisha 65, na siku ya ukaguzi tulimpima wenyewe tukapata 68. Makubaliano ya 2004 yanasema ongezeko la asilimia 5 au zaidi linatosha kukufanya ufikirie kubadili dawa. Kwake yeye hiyo ni kilo 3 na kidogo, kwa hiyo mstari aliuvuka alipofika 65, na hakuna aliyeona kwa sababu uzito ulikuwa umeandikwa ndani ya maelezo ya wauguzi, kurasa tofauti, namba moja hapa na nyingine pale. Namba zikikaa mbalimbali hazisemi chochote.

Halafu tulifanya jambo ambalo lilipaswa kufanyika wiki ya kwanza. Tulimpigia simu dada yake. Nilimuuliza, "Dada, kabla ya kuumwa safari hii, sindano alikuwa anachomwa?" Akajibu, "Dokta, ana miezi minne hajachomwa. Nauli ilikuwa inatushinda, na mimi nilikuwa nimesafiri kuuguza." Kumbe alipokuwa anachomwa alikaa miaka miwili bila kulazwa. Sindano haikushindwa. Haikuwepo. Olanzapini ilikuwa jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Tangu hapo, kwenye karatasi yetu ya ukaguzi kuna kisanduku: "Kabla ya kuongeza dawa, je, imethibitishwa kwamba ya kwanza ilitumika?" Na jibu linatoka kwa ndugu au kwenye kadi ya kliniki, si kwa kukisia.

Kesho yake asubuhi alipimwa sukari kabla ya chai: 7.4. Siku tatu baadaye tena: 7.6. Mara mbili kuanzia 7.0 na kuendelea, kabla ya kula, ni kisukari. Tulimpima figo, tukamwanzishia metformini 500 mg mara mbili baada ya chakula. Olanzapini ikapunguzwa hadi 5 mg kwa wiki moja kisha ikasimamishwa. Klopromazini ikashushwa 100, kisha 50, kisha ikaondolewa. Haloperidoli tuliiacha kwa makusudi, na tarehe ya mwisho ikiwa imeandikwa, mpaka sindano ishike, na benzheksoli ikashuka pole pole baada yake. Hatukuondoa vitu viwili kwa wiki moja, maana ukifanya hivyo na mgonjwa akachafuka hujui ni kipi kilichomchafua. Alitoka akiwa na sindano na metformini tu, na sindano tukaihamishia kituo cha afya anachoweza kwenda kwa miguu. Miezi mitatu baadaye alikuwa na kilo 64. Sukari haijarudi kabisa kwenye kawaida, na huenda kisukari kilikuwa kinamjia hata bila sisi. Lakini kiu ile ya asubuhi ilikuwa na jina, na tungelijua siku tisa mapema.

Upande wa vipimo kwa wodi nzima, presha ilikuwa imepimwa kwa wote 30. Uzito wa mwanzo ulikuwepo kwa 19. Kiuno hakikupimwa kwa mtu hata mmoja. Sukari ilikuwepo kwa 14, lakini tulipouliza saa ya kuchukua damu, watano tu ndio waliokuwa hawajala. Wengine walikunywa chai ya maziwa yenye sukari saa 1 asubuhi na damu ikachukuliwa saa 4, kwa sababu ndipo mtu wa maabara anapofika kwetu. Kisha majibu yakasomwa kama ya mtu aliyefunga. Hii inapotosha pande zote mbili: mwenye 8 baada ya chai anaogopeshwa bure, na pale msomaji anapojua kwamba mgonjwa alikunywa chai, mwenye 7.5 anaachwa wakati angeweza kuhitaji kipimo kingine. Mafuta ya damu yalikuwa yamepimwa kwa watatu.

Kiuno kilinisumbua kuliko vyote, maana kinahitaji futi kamba tu, ile ya fundi cherehani, isiyofika shilingi elfu mbili. Nilimuuliza Sista mkuu wa wodi, mama aliyefanya kazi hii tangu mimi nikiwa shule. "Shikamoo Sista. Kwa nini viuno hatupimi?" Akaniambia, "Marahaba. Dokta, unataka nimfunue mwanamke tumbo mbele ya vitanda thelathini?" Alikuwa sahihi. Mwongozo wowote usiotaja pazia haukuandikwa na mtu aliyewahi kusimama kwenye wodi hiyo. Tukatenga kona ya chumba cha sindano, mwanamke apimwe na muuguzi wa kike, khanga isogezwe bila kufunuliwa yote. Futi kamba inapita katikati, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mgonjwa ameshusha pumzi kawaida. Ukipima juu ya khanga iliyokunjwa unaongeza sentimita kadhaa. Kwa watu wetu mipaka inayotumika ni sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake.

Mabadiliko tuliyoyaweka yalikuwa manne, na hakuna semina kati yake. Tulichongesha muhuri Kariakoo wenye maneno: "Dawa ya pili ya saikosisi. Sababu: ______ Mwisho: ______". Unagongwa kwenye chati kila dawa ya pili inapoandikwa, na anayenakili chati mpya haruhusiwi kunakili mstari wenye muhuri ambao tarehe yake imepita. Alhamisi kabla ya raundi mfamasia anasoma kwa sauti orodha ya wenye dawa mbili, dakika ishirini, na kila mmoja anaondoka na uamuzi. Mbele ya faili ikakaa karatasi moja ya vipimo, safu moja kwa kila wiki, na juu yake, kwa kalamu nyekundu, uzito ambao ukifikiwa ni asilimia 5. Anayepima hapigi hesabu. Anaona namba imefika au haijafika. Sukari ikahamia kwa muuguzi wa usiku, kwa glukomita, saa 12 asubuhi kabla hajakabidhi zamu na kabla birika la chai halijaingia. Kipimo hicho ni cha kuchuja. Kikiwa 5.6 au zaidi, damu ya mshipani inakwenda maabara siku hiyo hiyo, mgonjwa akiwa bado hajala.

Miezi mitatu baadaye tulirudia, kwa karatasi zilezile na maelezo yaleyale ya kila kigezo. Wagonjwa 29 walikuwa kwenye dawa. Waliokuwa na dawa mbili za kila siku walikuwa saba, na sita kati yao walikuwa na sababu na tarehe. Kutoka 13 mpaka saba. Tulifurahi sana, na nilikuwa nimeshaanza kuandika ripoti.

Ndipo mfamasia akafungua hesabu ya pili, ile yenye dawa za akihitaji. Ilikuwa 16. Mwanzoni ilikuwa 17.

Dawa hazikuwa zimeondoka. Zilikuwa zimehama safu. Klopromazini ya usiku haikuandikwa tena kila siku ili kukwepa muhuri. Ikaandikwa akihitaji, na kwenye kumbukumbu za usiku wagonjwa wengi waliihitaji usiku sita kati ya saba. Sisemi kwamba mtu alikusudia kudanganya. Ukifunga mlango mmoja na sababu ya watu kupita haijaondoka, watapita pengine. Kama tungehesabu za kila siku peke yake, tungetangaza mafanikio ambayo hayakuwepo, na wagonjwa wangeendelea kumeza kilekile.

Uzito nao ulitudanganya kwa namna yake. Karatasi 26 kati ya 29 zilikuwa zimejazwa, jambo zuri. Lakini ukizipitia kwa macho unaona 70, 70, 70, 70. Unaona 55, 60, 75. Mzani hautoi namba zinazoishia sifuri na tano tu, na mtu anayekula olanzapini hakai kilo 70 wiki nne mfululizo bila kusogea hata nusu kilo. Karatasi 11 zilikuwa hivyo. Jumanne asubuhi tuliwapima upya wagonjwa wanane kati ya hao, na watano walitofautiana na karatasi kwa zaidi ya kilo mbili. Tukaenda kwa wauguzi bila karatasi mkononi, kuuliza tu. Mzani wa wodi ulikuwa umeharibika mwezi mzima. Walikuwa wanaazima wa wodi jirani, na Jumatatu ukikosekana waliandika uzito wa wiki iliyopita kwa sababu safu tupu ilikuwa inaulizwa na safu iliyojaa haikuulizwa. Kosa lilikuwa kwenye karatasi yetu. Haikuwa na mahali pa kuandika "mzani haupo". Tuliongeza, na wiki ileile tukapata maombi matatu ya mzani, ambayo ndiyo uongozi uliyahitaji ili ununue mpya. Sasa kila mwanzo wa mwezi tunaujaribu kwa kuweka mfuko wa unga wa kilo 25 ambao haujafunguliwa, mzani ukiwa juu ya sakafu ya saruji, si juu ya zulia la plastiki.

Kwa zile klopromazini za usiku tuliweka sheria mbili: dawa ya akihitaji inakufa yenyewe baada ya siku saba isipoandikwa upya, na ikitolewa zaidi ya mara tatu kwa wiki inasomwa Alhamisi pamoja na nyingine. Lakini kilichosaidia zaidi kilitoka kwa muuguzi wa usiku mmoja aliyekaa kimya kikao kizima mpaka alipoulizwa. Alisema chakula cha jioni kinatolewa saa 11, taa zinazimwa saa 1, na mtu aliyelala saa 1 usiku lazima aamke saa 8 au saa 9 akiwa ameshiba usingizi. Anaanza kutembea, anawaamsha wengine, anapewa dawa. Tulikuwa tunatibu ratiba ya jikoni. Ilichukua wiki tano kuelewana, lakini taa sasa zinazimwa saa 3 na nusu, na redio inaruhusiwa mpaka hapo.

Mzunguko wa tatu tuliufanya miezi sita baada ya ule wa pili. Dawa mbili za kila siku: sita kati ya 31. Pamoja na za akihitaji: tisa. Waliovuka asilimia 100 alikuwa mmoja, na umeme wa moyo wake ulikuwa umepimwa. Vipimo vyote vitano ndani ya siku saba vilikamilika kwa 18, na karibu wote waliokosa walikosa mafuta ya damu, ambayo kwetu yanategemea kemikali za maabara kuwepo. Tuliacha kiwango hicho kama kilivyo badala ya kukilegeza, na kwenye ripoti tukaandika siku ambazo kipimo hakikupatikana kando ya siku ambazo hakikuombwa. Mambo hayo mawili yana dawa tofauti.

Namba zetu ni ndogo, na wagonjwa watatu wakitoka siku moja asilimia zinaruka. Pia kuhesabu waliopo kitandani siku moja kunawaongezea uzito wanaokaa muda mrefu, ambao ndio wenye dawa nyingi, kwa hiyo siku hizi tunahesabu pia wote walioruhusiwa mwezi huo, kwa dawa walizotoka nazo. Hesabu hiyo ndiyo ninayoitazama zaidi, kwa sababu dawa ya pili ikivuka mlango wa wodi inaweza kukaa kwenye kadi ya kliniki miaka.

Wiki iliyopita chati ya kitanda cha kumi na mbili ilijaa. Daktari kijana wa mafunzo alikaa kuinakili, akafika kwenye mstari wenye muhuri, tarehe ilikuwa imepita siku mbili. Aliinua simu akampigia daktari wake saa 2 usiku kuuliza kama dawa hiyo aisimamishe. Akaambiwa aisimamishe. Akapiga mstari, akaweka sahihi, akaendelea na mstari uliofuata.